Bega lililonipatia sapu

Jana usiku msomaji mmoja amenitumia meseji, amepewa sapu, ule mtihani wa kurudia, ya anatomia na anauliza rotata kafu, ile misuli minne inayoshikilia bega, niliisomaje. Ndugu yangu, mimi nilianguka hapo hapo, na bado inaniuma.

Asubuhi ya vaiva, mtihani wa kuulizwa kwa mdomo, nilikuwa kwa matatu ya Thika Road nikikariri: suprasipinatasi inainua mkono kando, infrasipinatasi na teresi maina zinazungusha nje, subskapularisi inazungusha ndani. Nilikuwa na raha kabisa. Kuingia, naletewa kijana anacheza voliboli, amevua shati. Nyuma ya bega la kulia, chini ya ule ukingo wa mfupa, nyama imebonyea. Mkono anauinua kando hadi juu vizuri tu, hata ukimzuia yuko na nguvu. Lakini akibana kiwiko ubavuni na umwambie asukume kiganja nje, anashindwa haraka kuliko upande wa kushoto.

"Shida iko wapi?" Nikajibu kwa sauti kubwa, neva ya supraskapula imebanwa juu ya bega. Mtahini akacheka (hiyo kicheko sijaisahau), akaniuliza, "Na suprasipinatasi mbona iko sawa?" Nikanyamaza.

Tuelewane hapa. Neva ni moja na ina milango miwili. Wa kwanza uko juu ya mfupa wa bega, neva inapita chini ya ligamenti ndio ilishe suprasipinatasi. Halafu inazunguka mwisho wa ule ukingo, mlango wa pili, inashuka kwa infrasipinatasi. Ikibanwa wa kwanza, zote mbili zinadhoofika. Ikibanwa wa pili ni infrasipinatasi peke yake, na wachezaji voliboli wanajulikana kwa hiyo. Bado alizungusha nje kidogo kwa sababu teresi maina inalishwa na neva ya aksila, ile ya deltoidi, msuli mkubwa unaofunika bega.

Wacha pia kukariri eti suprasipinatasi inafanya digrii 15 za kwanza halafu inalala. Inaanza, ndio, lakini deltoidi ikichukua kazi yenyewe inaendelea kushikilia kichwa cha mfupa kwa tundu lake kisivutwe juu. Subskapularisi iko mbele ya mfupa na ina neva zake mbili, ya juu na ya chini. Ipime kwa kuweka mkono nyuma ya mgongo na kuuinua utoke mgongoni. Basi.

Nasema tena, fuata neva na kidole kwa bega la rafiki yako, acha listi.

Kwa sapu nililetewa mama aliyeteguka bega, mkono unaanza kuinuka kisha unakwama. Sikukimbilia kujibu. Nikachukua pamba nikagusa ngozi ya nje ya bega, pale chini kidogo juu ya deltoidi, akasema hapo hasikii vizuri. Nikasema aksila. Mtahini, yule yule, akaandika kitu na kuniambia niite anayefuata.