Njiwa na matundu: anza na kupeana mikono

"Naanzisha klabu ya hisabati ya kidato cha pili hapa Masasi. Uthibitisho wa kwanza niwape upi?"

Mwalimu mwenzangu, wape wa njiwa na matundu: njiwa wakizidi matundu, lipo tundu lenye njiwa zaidi ya mmoja. Kwa watu 13, wawili wamezaliwa mwezi mmoja. Hilo wataliona upesi.

Kisha wanafunzi 20 wapeane mikono wapendavyo, ila kila wawili wasirudie. Dai: lazima wapo wawili walioshika mikono idadi sawa. Njiwa ni wanafunzi 20. Matundu ni idadi, kuanzia 0 hadi 19, nayo ni 20 pia. Hapo watakwama, na ndipo penye utamu, usiwawahishie jibu. Waulize tu: aliyeshika mikono 19 amemwacha nani? Hakuna. Basi wa 0 hayupo. Tundu la 0 na la 19 hayawezi kukaliwa pamoja, kwa hiyo yanayotumika hayazidi 19.

Wengi watataka kuwataja hao wawili. Uthibitisho hauwataji, unaonyesha tu kwamba wapo. Mimi huwaandikisha kwanza "Njiwa ni…" na "Matundu ni…". Anayeshindwa kujaza namrudisha kwenye miezi.