Shime sikio haichaji? Mchele upike ule

SWALI: Bibi yangu yuko Tanga na anatumia vifaa vya kumsaidia kusikia, shime sikio za kuchaji. Ya kulia inazima kabla ya saa sita mchana, na ikiwa kwenye chaja taa yake inawaka na kuzima ovyo. Fundi simu ameniambia niifukie kwenye mchele usiku kucha. Chaja tunaiweka bafuni, pamoja na ya mswaki wa umeme. Nifanyeje?

JIBU: Mchele upike ule, ndugu yangu. Ushauri huo nausikia karibu kila wiki, na kila wiki naletewa kifaa ambacho tundu za maikrofoni zake zimejaa vumbi la nafaka. Hata mchele ungeweza kunyonya maji, kinachoisumbua shime sikio ya bibi ni chumvi, na chumvi hainyonywi na mchele.

Kifaa hukaa nyuma ya sikio kutwa nzima, kwenye jasho na mafuta ya nywele, katika joto la pwani. Kwa chini kina vinundu viwili vidogo vya rangi ya dhahabu vinavyogusana na pini za chaja. Kikirudishwa kwenye chaja kikiwa na unyevu, umeme hupita ndani ya lile jasho la chumvi kutoka kinundu kimoja hadi cha pili, na madini yaliyo chini ya dhahabu huanza kulika. Angalia kwa tochi: utaona ukoko mweupe, au kijani kama cha sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Ukoko huo ndio unaokata umeme, na ndiyo maana taa inababaika.

Chomoa chaja ukutani kwanza. Chukua kijiti cha pamba kikavu, sugua vinundu vya kifaa na pini za chaja taratibu. Ukoko ukigoma, lowesha pamba kidogo tu kwa alkoholi ya isopropili, ikamue, pangusa vinundu na pini peke yake, kisha subiri dakika kumi kabla ya kurudisha umeme. Usidondoshe alkoholi ndani ya shimo la chaja. Usikwangue kwa sindano wala msasa: dhahabu ile ni utando mwembamba mno, ukishatoka kutu hairudi nyuma tena.

Baada ya hapo itazame taa. Ikitulia, tatizo lilikuwa ukoko. Ikiendelea kubabaika, na umbo la vifaa linaruhusu, weka cha kulia kwenye shimo la kushoto, na cha kushoto kwenye la kulia. Tatizo likibaki kwenye shimo la kulia, mbovu ni chaja. Likikifuata kifaa, mbovu ni kifaa. Taa ikiwaka vizuri usiku kucha lakini kifaa bado kinazima kabla ya mchana, huenda betri imechoka. Hiyo ni ya litiamu, na imefungwa humo ndani. Kipeleke mlikokinunua. Fundi simu asikifungue, kwa maana betri ya litiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto.

Kila jioni bibi akivivua, vipanguse kwa kitambaa kikavu, viache mezani nusu saa, ndipo viingie kwenye chaja. Ukitaka kuvikausha zaidi, tumia kopo lenye mfuniko unaobana na vidonge vya silika jeli vinavyobadilika rangi. Vile vya machungwa vikigeuka kijani vimeshiba maji, badilisha. Dirishani penye jua na kikaushio cha nywele, sahau: joto huua betri, na chaja nyingi hugoma zenyewe zikipata moto.

Na chaja itoke bafuni leo. Mvuke wa maji ya moto huganda juu ya pini zile zile ulizozisafisha. Watu huniambia, "Mbona ya mswaki inakaa bafuni miaka?" Ya mswaki haina pini zilizo wazi, koili yake imefungwa ndani ya plastiki na umeme unavuka kwa sumaku, kwa hiyo tone la maji haliidhuru. Hata hivyo plastiki hiyo ikipasuka, itupe. Na usiiamini plagi yake.

Hapo ndipo ninapokasirika. Chaja nyingi za mswaki na za mashine ya kunyolea huja na plagi ya pini mbili za duara, na soketi zetu ni za matundu matatu. Watu huchokonoa tundu la juu kwa kalamu, kifuniko kikafunguka, wakazisukuma pini mbili kwa nguvu. Pini hazishiki, zinacheza, zinatoa cheche, na mkono uliotoka kuoga uko hapo hapo. Tena waya ule mwembamba unabaki ukilindwa na swichi ya saketi ya soketi za nyumba nzima, ambayo haikuwekwa kwa ajili yake. Nunua adapta ya mashine ya kunyolea yenye fyuzi ya ampea 1, uichomeke chumbani. Kama chaja imetoka Marekani, soma kwanza maandishi ya chini yake: ikiwa imeandikwa volti 120 peke yake, adapta haiisaidii kitu, itaungua kwenye umeme wetu.