Kabla hujaambiwa una "UTI sugu", mkojo uoteshwe

Moshi na Arusha, jina la UTI sugu linatolewa kirahisi mno. Mama analalamika tumbo la chini, mkojo unaangaliwa kwenye hadubini, karatasi inarudi imeandikwa seli za usaha 5 hadi 10 na seli za ngozi nyingi. Anaandikiwa sindano za siku tano. Mwezi unaofuata anarudi, karatasi ni ile ile, sindano ni zile zile.

Seli za ngozi zikiwa nyingi, maana yake mkojo umepita kwenye ngozi ya nje au umechanganyika na majimaji ya ukeni kabla ya kuingia kwenye kikopo. Hata ule usaha unaweza kuwa umetoka huko. Karatasi ya namna hiyo haijathibitisha kwamba kibofuni kuna bakteria, na mwanamke hapaswi kudungwa sindano mwezi hadi mwezi kwa sababu yake. Maambukizi ya ukeni, klamidia na kisonono huleta maumivu ya kukojoa na usaha pia, na tiba yake ni nyingine.

UTI ya kweli kwa kawaida huletwa na bakteria wa utumbo mpana wa mgonjwa mwenyewe. Mara nyingi ni yule anayeandikwa E. coli kwenye majibu ya maabara. Huishi utumboni bila kudhuru, kisha husogea kutoka njia ya haja kubwa hadi ukeni, na kutoka hapo hupanda kwenye mrija wa mkojo. Kwa mwanamke mrija huo una urefu wa sentimita 4 hivi, kwa mwanaume unakaribia 20, na tundu la mwanamke liko jirani kabisa na anakotoka bakteria. Tendo la ndoa humsukuma ndani. Ndiyo maana lawama nyingi tunazotupia vyoo vya kuchangia hazina msingi.

Uke una walinzi wake, bakteria wazuri wanaotengeneza tindikali. Kunawa ndani kwa sabuni au dawa za kuua vijidudu huwaondoa. Baada ya hedhi kukoma wao hupungua wenyewe kwa sababu homoni ya estrojeni imeshuka, na hapo wamama wengi wa miaka 55 au 60 huanza kuugua mara kwa mara. Kwa hao, krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni husaidia kuzuia. Ni tiba ya kumuuliza daktari, na inasikitisha kuona jinsi isivyotajwa mara nyingi.

Bakteria akiishia kibofuni, mwanamke huungua anapokojoa, huenda chooni kila mara kutoa matone, na huumwa juu ya kinena. Mkojo unaweza kuwa na damu kidogo. Homa hakuna. Mwanamke mzima asiye mjamzito, mwenye dalili hizo na asiyetokwa na uchafu wala kuwashwa ukeni, uwezekano kwamba ni UTI ya kibofu ni kama 9 kati ya 10. Huyo anaweza kutibiwa siku hiyo hiyo bila kuotesha mkojo, yaani bila maabara kukuza bakteria waliomo ili wajulikane ni nani na dawa gani inawaua.

Mambo hubadilika bakteria anapopanda mirija miwili inayoshuka kutoka kwenye figo. Chukua mfano wa mama wa miaka 34 anayeuza ndizi soko la Mbuyuni. Anaungua akikojoa, ananunua sipro dukani, anameza siku mbili, anapata nafuu, anaacha. Baada ya wiki mbili homa inafika 38.9, anatetemeka, anatapika, na ukimgonga taratibu mgongoni chini ya mbavu za kulia anaruka kwa maumivu. Hiyo ni figo. Hapa mkojo lazima uoteshwe, na uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu hata vidonge vichache vinaweza kuzuia bakteria kuota. Lakini dawa haisubiri majibu: sampuli ikishatolewa tu, matibabu yanaanza.

Sampuli huharibikia kwenye kuichukua. Osha mikono, safisha kwa maji kuanzia mbele kwenda nyuma, tenganisha mashavu ya uke kwa vidole na uyashikilie hivyo hivyo. Mkojo wa kwanza uende chooni, wa katikati uingie kwenye kikopo safi cha maabara, wa mwisho uende chooni tena. Usiguse ndani ya kikopo wala mfuniko. Ufike maabara ndani ya saa 2, la sivyo ukae kwenye friji, maana kwenye joto bakteria wachache huzaliana hadi waonekane wengi. Anayetoka Rombo au Machame asibebe mkojo wa nyumbani kwenye daladala. Akojolee hospitali penye maabara ya kuotesha, kama KCMC.

Majibu huchukua siku 2 hadi 3. Ya mama wetu yanasema: E. coli, zaidi ya 100,000 kwa mililita. Kipimo hicho cha 100,000 kinatokana na kazi ya Edward Kass wa Marekani miaka ya 1950, na si ukuta: mwanamke mwenye dalili kamili anaweza kuwa na idadi ndogo zaidi na bado akawa mgonjwa kweli. Ingeandikwa kwamba wameota bakteria wa aina tatu au zaidi, tungesema sampuli imechafuka, irudiwe.

Chini yake kuna orodha ya dawa na herufi. R ni dawa iliyoshindwa, S ni inayofanya kazi. Sipro ina R, nitrofurantoini ina S, seftriaksoni ina S. Hapa ndipo wengi hukosea. Nitrofurantoini ni vidonge, ni rahisi kupata, na ina S, kwa hiyo mtu anaichagua. Dawa hiyo hujikusanya kwenye mkojo, ikatibu kibofu vizuri kwa miligramu 100 asubuhi na jioni kwa siku 5, lakini haifiki kwa kiasi cha kutosha kwenye nyama ya figo. Mama huyu akiimeza, kuungua kutaisha na homa itaendelea. Anahitaji sindano ya seftriaksoni, kisha vidonge vinavyofika kwenye figo kulingana na majibu yale yale, mpaka dozi itimie.

Homa inapaswa kushuka ndani ya siku 3. Isiposhuka ilhali dawa ni sahihi, kubadilisha antibiotiki ovyo hakusaidii. Afanyiwe altrasaundi, kwa sababu huenda jiwe limeziba njia au usaha umejikusanya kwenye figo.

Wengine wa kuotesha ni wanaume, wenye dalili zilizorudi muda mfupi baada ya dozi, na wanaougua mara kwa mara. Mjamzito aoteshewe hata kama haumwi. Homoni za ujauzito hulegeza mirija ya figo na mfuko wa uzazi huikandamiza, hasa mrija wa kulia, hivyo bakteria aliyekaa kimya kibofuni hupanda kwa urahisi. Akikutwa naye atibiwe, kisha mkojo uoteshwe tena wiki moja au mbili baada ya dozi kuisha. Asiye mjamzito aliyepona dalili zote hahitaji kurudia kipimo hicho.