Fomu hukaguliwa mwisho: ratiba yangu ya mwezi baada ya tovuti kwenda hewani

Wateja wangu wengi wana tovuti za WordPress: nyumba za wageni, zahanati, maduka ya vipuri. Tovuti ikishakabidhiwa, naitengea saa moja hivi kila mwezi. Kazi zenyewe si ngeni kwa yeyote anayetengeneza tovuti. Ninachosisitiza ni mpangilio: naanza na masasisho ya plagini, nafuata linki, namalizia na fomu. Ukijaribu fomu kwanza halafu ukasasisha plagini na kufunga kompyuta, jaribio lako halina maana tena, kwa sababu plagini uliyosasisha huenda ndiyo iliyoivunja hiyo fomu.

Suala la tovuti kuwa hewani halisubiri mwisho wa mwezi. Hilo nimeiachia UptimeRobot, ambayo huigonga tovuti kila baada ya dakika 5. Ila usitumie ukaguzi wa kawaida unaoangalia tu kama seva imejibu. Ukurasa unaweza kuwa mweupe kabisa, na seva ikaendelea kujibu kwamba mambo ni shwari. Chagua aina ya `Keyword`, kisha uipe maneno yaliyo chini kabisa ya ukurasa, mathalani namba ya simu ya ofisi. Sehemu ya chini huchapwa mwisho, kwa hiyo ukurasa ukikatikia njiani, namba haitaonekana na utapata taarifa.

Mwisho wa mwezi nasoma ripoti yake, na sihangaiki sana na asilimia. Asilimia 99.9 ya mwezi wa siku 30 bado inaruhusu dakika 43 za kuwa chini. Ninachotafuta ni saa. Tovuti inayoanguka kwa dakika chache saa nane usiku kila siku mara nyingi inalemewa na bekapu yake yenyewe, na dawa ni kubadilisha ratiba ya bekapu. Inayoanguka saa tano asubuhi, wateja wakiwa wengi, imezidiwa na mpango mdogo wa hifadhi iliolipiwa, na hapo ni mazungumzo na mwenye pesa.

Kwenye plagini, kwanza bekapu ya faili na ya database, nayo nashusha nje ya seva. Kisha naangalia kilichopo kwa WP-CLI:

```
wp plugin list --update=available
wp plugin update contact-form-7
```

Plagini ndogondogo nasasisha kwa pamoja. Zinazogusa fomu, malipo au kuingia kwenye akaunti naenda nazo moja moja, nikifungua tovuti kwenye dirisha la faragha baada ya kila moja, maana nikiwa nimeingia kama msimamizi naweza kuona ukurasa tofauti na anaouona mgeni. Na orodha ikiwa tupu usifurahi haraka. Plagini iliyofungwa kwenye maktaba ya WordPress.org, hata kama imefungwa kwa tundu la usalama, haionyeshi sasisho lolote. Inakaa kimya kama vile haina tatizo. Kwa hiyo mara mojamoja natembelea kurasa za plagini zenyewe kuona kama bado zipo na lini ziliguswa mara ya mwisho.

Linki ndiyo kazi fupi kuliko zote. Sipendi plagini ya kukagua linki ndani ya tovuti, inaitesa seva bure. Natumia kompyuta yangu:

```
wget --spider -r -nd -nv -l 3 -o linki.log https://mfano.co.tz
```

Mwisho wa faili hilo utakuta idadi ya linki zilizovunjika na anwani zake. Amri hii haitoki nje ya tovuti yako, na haikwambii ni ukurasa gani unaobeba linki mbovu, hivyo anwani nazitafuta kwa mkono. Zinazoelekea mitandao ya kijamii nazibofya mwenyewe, kwa sababu mitandao hiyo huzikataa programu za ukaguzi hata linki ikiwa nzima.

Sasa fomu. Yale maneno ya kijani, "Asante, ujumbe wako umetumwa", yana maana moja tu: WordPress imekabidhi barua kwa programu ya barua ya seva. Barua ilikoishia baada ya hapo, yenyewe haijui.

Chukua nyumba ya wageni moja ya Paje. Tovuti iko hewani, fomu inashukuru, lakini maombi ya vyumba yamekauka. Mwenye nyumba anasema barua pepe yake ni nzima, kwani mawakala wanamwandikia kila siku na zinafika. Nikaielekeza fomu kwenye Gmail yangu kwa muda, nayo ikafika papo hapo. Nikairudisha kwenye anwani yake ya `info@`, kimya, hata kwenye spamu haimo. Tofauti hiyo ndiyo iliyonionyesha pa kutafuta: barua zinaondoka, ila zile zinazokwenda kwenye kikoa chake mwenyewe hazitoki nje ya seva.

Kumbe alikuwa amehamisha barua pepe za ofisi kwenda huduma nyingine, na tovuti ikabaki ilipokuwa. Rekodi za MX zilibadilishwa vizuri, ndiyo maana za mawakala zilifika. Lakini seva ya tovuti bado ilijiona ndiyo posta ya kikoa hicho. Kila fomu iliyojazwa ilitumbukizwa kwenye sanduku la zamani, humo humo ndani ya seva, ambalo hakuna aliyekuwa akilifungua. Nilipoingia kwenye lile sanduku, maombi yote yalikuwemo, yamepangana. Marekebisho yalikuwa ya kubofya mara chache: kwenye cPanel, `Email Routing`, kutoka `Local Mail Exchanger` kwenda `Remote Mail Exchanger`.

Kwa hiyo jaribio langu la fomu lina sehemu mbili. Najaza kwa simu, kwa data na si Wi-Fi ya ofisi, nikitumia anwani ya Gmail kama mgeni yeyote. Kisha namwandikia mhudumu wa mapokezi WhatsApp: "Dada, ukiona ujumbe wa majaribio naomba uujibu kutoka hapo hapo kwenye kompyuta yako." Jibu lake likifika kwenye Gmail yangu, nafungua `Show original` na kuangalia kama SPF na DKIM zimeandikwa PASS. Hapo nimepima kwenda na kurudi kwa pamoja.

Jibu lisipofika, mara nyingi shida iko kwenye mtumaji. Kuna fomu zinazoweka anwani ya mgeni kwenye `From`, na seva ya mpokeaji inaikataa kwa sababu seva yako haina ruhusa ya kutuma kwa jina la Yahoo au Gmail. `From` iwe anwani ya kikoa chako, ya mgeni ikae kwenye `Reply-To`, na barua zipitishwe kwa SMTP, mfano kwa plagini ya FluentSMTP. Ukitumia Contact Form 7, ongeza Flamingo ili kila ujumbe ubaki pia kwenye database. Yenyewe Contact Form 7 haihifadhi kitu, na barua ikipotea imepotea.

Kumbuka pia kwamba tangu toleo la 5.2, WordPress ikigongwa na kosa kubwa humtumia msimamizi barua yenye linki ya kuingilia. Barua hiyo hupita mlango ule ule wa fomu. Kwa nyumba za wageni, Julai na Agosti najaribu fomu kila wiki badala ya kila mwezi, na gharama yake naiweka wazi kwenye mkataba tangu mwanzo.