Kutoka kwenye mchezo kabla ya zamu yako: unadai kiasi gani?

"Habari wapendwa. Nipo Tanga, nacheza mchezo wa watu 10, kila mtu 50,000 kwa mwezi, mimi ni namba 8. Tumeshacheza miezi minne na sijachelewesha hata mara moja. Nahamia Bagamoyo, nataka kutoka. Kijumbe ananiambia anayetoka anasamehe alichotoa. Ni haki? Nidai ngapi?"

Dada yangu, sio haki. Unachodai ni 200,000 kamili, pamoja na kilichobaki kwenye mfuko wa dharura kama mnao. Ila huwezi kuipata leo, na kwenye hilo kijumbe wako anaweza kuwa na hoja. Mimi nimeshika daftari la mchezo wa kina mama hapa Ngamiani kwa miaka mingi, na suala hili limenipitia mikononi.

Jiulize pesa yako iko wapi sasa hivi. Kikoba kina sanduku, kina hisa, ukitoka wanafungua na kuhesabu. Mchezo hauna sanduku. Kinachokusanywa leo kinaondoka leo na mwenye zamu. Kwa hiyo 200,000 yako haiko kwa kijumbe hata kidogo. Iko kwa namba 1, namba 2, namba 3 na namba 4, kila mmoja ana 50,000 yako. Hao wanne ndio wadeni wako. Namba 5, 6, 7, 9 na 10 hujawapa kitu, na wao hawajakupa. Hamdaiani.

Ukishaliona hilo, neno la "anasamehe" linajibiwa kirahisi. Anamsamehe nani? Wale wanne waliopokea mapema ndio wangebaki na 50,000 yako kila mmoja bila jasho, wakati hao ndio mchezo umewafaa kuliko wote. Anayengoja hapati hata senti kwenye msamaha huo. Kama mlikubaliana sharti hilo mbele ya wote kabla ya mwezi wa kwanza, hapo umeridhia na utabanwa nalo, japo bado unaweza kuomba litazamwe upya. Kama limezuka baada ya wewe kusema unatoka, hiyo ni dhulma na uikatae kwa adabu, mbele ya wenzako.

Kwetu aliwahi kutoka mwenzetu muuza vitumbua, alipohamia kwa mwanawe Muheza. Idadi yetu na kiwango chetu vilikuwa tofauti na vyenu, lakini njia ni ileile, nami naiweka kwa hesabu yako. Daftari langu lina majina kushoto na miezi juu. Aliyetoa napiga vema ya bluu, aliyepokea naizungushia duara jekundu. Nilikwenda kwenye mstari wake, nikaangalia vema zake zimeangukia kwenye miduara ya nani. Hayo ndiyo majina ya wadeni wake, hapakuwa na la kubishana.

Kwako iko hivi. Zamu yako ya mwezi wa nane wa mchezo inabaki pale pale kwenye kalenda. Ikifika, namba 1 hadi 4 wanaleta 50,000 kila mmoja, unapata 200,000 yako. Wale watano wengine mwezi huo hawatoi kitu. Zamu zao zikifika wanapokea 450,000 badala ya 500,000, kwa sababu wewe haupo. Je, wamepunjwa? Hesabu: kila mmoja wao, ukijumlisha na ile anayojitolea mwenyewe siku ya zamu yake, atakuwa ametoa mara 9, yaani 450,000. Ametoa 450,000, amepokea 450,000. Wale wanne walipokea 500,000 na mpaka mwisho watakuwa wametoa 500,000, yako ikiwemo. Hakuna aliyeliwa.

Kwa nini usingoje kidogo tu, ukapewa mwezi ujao? Kwa sababu mwezi ujao ni wa namba 5. Kijumbe akikutolea 200,000 pale, amemnyang'anya namba 5, naye huyo hadaiwi na wewe. Hapa ndipo michezo mingi inapovunjika: mmoja analipwa kwa pesa ya mwingine, mwezi wa pili kuna pengo, wa tatu watu wanaanza kutuma ujumbe wa "nitatoa kesho". Ukisikia kijumbe anakuahidi pesa yote wiki hii, muulize inatoka kwa nani.

Anayeumia kweli na kuondoka kwako ni huyo namba 5, maana pengine ameshaagiza mabati kwa hesabu ya 500,000. Ukiweza, toa mwezi wa tano kisha utoke. Yeye atapokea kamili, na ataingia kwenye orodha ya wadeni wako, kwa hiyo mwezi wa nane utapokea 250,000. Sio lazima, lakini mimi naona ndio uungwana.

Ipo njia ya haraka kuliko zote, nayo ni kuuza namba. Mtafute mtu ambaye kijumbe anamkubali, akupe 200,000 mkononi, achukue namba 8 na aendelee kutoa mwezi wa tano hadi wa kumi. Atapokea 500,000 kamili na mchezo hautikisiki. Namba kama hiyo haikosi mtu, kwa sababu hangoji muda mrefu. Usiongeze hata shilingi juu ya ulichotoa. Kwenye mchezo mtu hupokea alichotoa, ukidai zaidi umeshaingiza riba.

Mfuko wa dharura ni jambo jingine. Tuseme mnatoa 5,000 kila mwezi, watu 10, miezi minne: 200,000. Mkatumia 120,000 kwenye msiba. Imebaki 80,000, fungu lako ni 8,000. Ile 20,000 uliyotoa huidai yote, kwa sababu hiyo 12,000 ilikwenda kuzika, na msiba ungekuwa kwako ingekuja vilevile. Hii 8,000 unaweza kupewa sasa, pesa ipo. Kama una faini, ikatwe hapo. Na kijumbe wenu kama ana chake siku ya zamu, mpe kwa kiasi cha unachopokea: ikiwa huchukua 10,000 kwenye 500,000, kwenye 200,000 yako ni 4,000.

Nimwambie na mwingine anayesoma hapa akiwa ameshapokea: hesabu inageuka. Namba 2 akitaka kutoka leo hadai kitu, anadaiwa miezi sita, 300,000, kwa wale sita ambao hawajapokea. Alipe au aweke mdhamini kabla hajapanda basi.

Wewe kabla hujaondoka, piga picha ukurasa wa daftari unaoonyesha vema zako, na usifute ujumbe wa M-Pesa wa miezi yote minne. Kisha kaeni na wale wanne na kijumbe, muandike karatasi: jina, 50,000, mwezi wa nane, sahihi. Muulize kijumbe mbele yao, mmoja asipoleta nani anajazia? Kwangu najazia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyewachagua watu. Kama wako hakubali, basi ujue deni hilo utalifuata mwenyewe, na mwenyekiti wa mtaa awe shahidi kwenye hiyo karatasi ukiwa bado uko Tanga.