Bondi inataka gari langu na kubeba deni lililobaki

"Wakuu, nina Premio ya mkopo. Nilikopa milioni 36 kwa miezi 48, riba 20% kwa mwaka, nimelipa miezi 20 bila kukosa. Bondi, yaani yadi ya kuuza magari hapa Kampala, wananiambia niwaachie kwa milioni 20 nichukue Noah ya milioni 38, na deni la benki litakalobaki waliingize kwenye mkopo mpya. Nimeshalipa karibu milioni 22, kwa nini bado nadaiwa zaidi ya bei ya gari? Nikubali?"

Mkuu, usisaini kwanza. Nenda kwa afisa mikopo wako umwombe taarifa ya kumalizia mkopo, kwa maandishi, yenye tarehe ambayo kiasi hicho kitakuwa bado sahihi. Salio unaloliona kwenye simu halitoshi, kwa sababu mara nyingi halina riba ya siku zilizopita tangu rejesho la mwisho wala ada ya kumaliza mapema.

Kwa masharti uliyotaja, kama riba inahesabiwa kwenye baki inayopungua, rejesho lako ni kama 1,095,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza shilingi 600,000 kati ya hizo zilikuwa riba tupu, na 495,000 tu ndizo zilizokata deni. Ndiyo maana milioni 22 ulizotoa zimepunguza mtaji, yaani fedha yenyewe uliyokopa, kwa milioni 11.6 hivi, na unadaiwa kama milioni 24.35. Mkataba ukiwa na ada ya kumaliza mapema ya 2%, weka milioni 24.85. Bondi wakikupa 20, deni limelipita gari kwa milioni 4.85.

Kama riba yako ni ya flati, yaani inahesabiwa kwenye kiasi chote ulichokopa hadi mwisho, habari ni nyingine kabisa. Flati ya 20% kwenye milioni 36 ni milioni 7.2 kila mwaka, miaka minne milioni 28.8, na rejesho linakuwa 1,350,000. Wapo wakopeshaji ambao ukitaka kumaliza wanazidisha tu marejesho yaliyobaki: 28 mara 1,350,000, yaani milioni 37.8, zaidi ya ulichokopa. Hapo unalipa riba ya miezi ambayo bado haijafika. Omba wakutenganishie mtaji na riba, na usome kifungu cha kumaliza mapema kabla ya kubishana nao. Njia ya haraka ya kujua uko upande gani ni kutazama rejesho lako la mwezi: likiwa jirani na 1,095,000 ni baki inayopungua, likiwa 1,350,000 ni flati.

Turudi kwa bondi. Hiyo milioni 4.85 hawailipi wao, unaikopa wewe upya. Kwa riba ileile na miezi 48 inaongeza kama 148,000 kwenye kila rejesho, na ukimaliza utakuwa umetoa milioni 7.1 kwa ajili ya gari ambalo mtu mwingine analiendesha. Noah yenyewe ni ya 38 lakini mkopo utakuwa 42.85. Ikigongwa ikafa kabisa mwezi wa tatu, bima kubwa inalipa thamani ya gari, fedha zinaanza kwa mkopeshaji, na kinachobaki kinakufuata wewe kwa miguu.

Kuna mchezo mwingine wa kuangalia. Ukilalamika kuhusu 20, bondi anaweza kukupandishia hadi 24, ukafurahi, kumbe Noah nayo imepanda kutoka 38 hadi 42. Dawa yake ni kuuliza bei ya Noah kwa fedha taslimu siku ya kwanza, kabla hujataja kwamba una gari la kuacha. Kisha hesabu kitu kimoja tu: unaongeza kiasi gani kutoka gari hadi gari. Namba nyingine ni mapambo.

Bondi anakupa 20 kwa sababu lazima alirekebishe, aliweke uani na apate faida. Mtu anayenunua kwa matumizi yake anaweza kufika 23.5 kwa gari hilohilo, ingawa mnunuzi wa Kampala atasoma kwanza herufi za namba ya usajili kujua limeingia nchini lini, ndipo afungue boneti. Kwa bei hiyo pengo linashuka kutoka milioni 4.85 hadi 1.35. Kwa hiyo sehemu kubwa ya shimo lako inatokana na mahali unapouzia.

Kuuza gari lenye mkopo kunawezekana, ila kwa idhini ya mkopeshaji. Logibuku, ile kadi ya umiliki wa gari, iko kwake, na chini ya sheria ya mwaka 2019 ya dhamana za mali zinazohamishika haki yake inaweza kuandikwa kwenye rejista ya URSB, ofisi ya usajili ya Uganda. Mnunuzi mjanja ataitafuta humo. Ukimficha, dhamana inalifuata gari hadi kwake na kesi inarudi kwako. Mnachofanya ni kukutana watatu benki: wewe, mnunuzi na afisa mikopo. Mnunuzi anaweka 23.5 moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, wewe unaongeza 1.35 siku hiyohiyo. Benki inatoa barua kwamba mkopo umefungwa, inafuta dhamana kwenye rejista na kuachia logibuku, ndipo uhamisho wa umiliki unasainiwa. Kama mnunuzi naye anakopa, benki yake inaweza kuiandikia yako barua ya ahadi ya malipo. Kinachokwama mara nyingi ni siku kati ya fedha kuingia na logibuku kutoka, kwa hiyo muda huo uandikwe kwenye makubaliano, na gari likae kwako hadi hapo.

Ukiamua bondi hata hivyo, usikubali "tuachie, tutamalizana na benki". Mkataba wa mkopo una jina lako. Wakichelewa miezi miwili, madeni yanaandikwa kwako CRB, kwenye kumbukumbu za wakopaji, na wakamataji wanakutafuta wewe, wakati gari limeshauzwa. Wailipe benki mbele yako, kwenye akaunti ya mkopo, na usitoe funguo wala fomu ya uhamisho iliyosainiwa kabla ya kuona risiti.

Kama 1.35 huna, subiri kidogo. Kuanzia mwezi huu rejesho lako linakata mtaji kama 690,000, na kiasi hicho kinapanda kila mwezi. Tuseme gari linapoteza 300,000 kwa mwezi. Baada ya marejesho manne deni litakuwa kama milioni 21.5, pamoja na ada 21.95, na gari kwa mnunuzi binafsi kama 22.3. Hapo unauza bila kuongeza kitu. Kwa bei ya bondi kungoja huko ni kama miezi 11, na hesabu yote inavunjika ukiligonga au ukiliingiza kwenye kazi ya usafiri, kwa sababu litashuka haraka kuliko deni.

Na kama gari jipya ni la lazima sasa hivi, pengo likope peke yake, kwa mfano kwenye SACCO, kwa miezi 12. Milioni 4.85 kwa 20% ni rejesho la kama 450,000, linauma, lakini riba yote ni kama 540,000 badala ya zaidi ya milioni 2.2, na mkopo wa Noah unabaki wa Noah. Tuma ile taarifa ya kumalizia hapa ukishaipata, ukifuta jina na namba ya akaunti, tuone wamekutoza ada gani.