Barua kwa mwanangu: walezi, watoto na ada

"Shikamoo Mama. Nataka kufungua kituo cha kulelea watoto hapa hapa nyumbani Tabata. Nimepanga watoto 30, wadada wawili na mpishi mmoja, ada sh. 60,000 kwa mwezi ili wazazi wasikimbilie kwa jirani. Je, hesabu inakaa? Na wale wanaochelewa kulipa niwafanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Hesabu hiyo haikai, na tatizo lake si ada peke yake. Umeanza na ada ya jirani, ukaja kwa idadi ya watoto, kisha walezi ukawaweka mwisho kwa kadiri ya fedha iliyobaki. Mimi nilivyoendesha kituo miaka yote ile nilianzia upande wa pili: kwanza umri wa watoto, halafu walezi wanaohitajika, halafu gharama, na ada ikatoka mwisho.

Ukisema "watoto 30" hujaniambia kitu mpaka uniambie wana umri gani. Likizo ya uzazi ya mwajiriwa ni siku 84, kwa hiyo wa kwanza kukugongea mlango watakuwa akina mama wenye vichanga vya miezi mitatu. Kichanga hulishwa mikononi, hubadilishwa pampasi mara nyingi kwa siku, na moto ukizuka hawezi kutembea. Mlezi mmoja hutoka na wawili, mmoja kila mkono, na kwa wengine itabidi arudi. Ndiyo maana mimi sikuwahi kumpa mlezi mmoja vichanga zaidi ya wanne. Waliokwisha kutembea hadi karibu miaka mitatu, sita. Wa miaka mitatu hadi mitano, kumi. Uingereza sheria inabana zaidi: mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili, watano wa miaka miwili, na kwa kawaida wanane wa miaka mitatu na minne. Uwiano wa kwetu utausoma kwenye kanuni za vituo vya kulelea watoto wadogo mchana zilizo chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Nakala iombe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, kwani ndiye atakayekuja kukagua nyumba kabla hujapata usajili. Kilichoandikwa humo kichukue kuwa mpaka usiouvuka, wala usione ni lazima uufikie.

Sasa tuchukue nyumba yako ilivyo, vyumba viwili, sebule na uwanja. Humo naona watoto 20, si 30: vichanga 4, wanaotambaa na kutembea 6, na wakubwa 10. Kwa uwiano wangu unahitaji walezi watatu. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu watatu hao ni nafasi tatu za kazi, si watu watatu. Wazazi wa Tabata wanaofanya kazi Posta na Kariakoo watamleta mtoto saa 12:30 asubuhi na kumchukua saa 12:30 jioni, nayo ni saa 12 kwa siku na saa 60 kwa wiki. Sheria ya kazi inamruhusu mtu saa 45 za kawaida kwa wiki. Nafasi tatu mara saa 60 ni saa 180. Gawanya kwa 45 upate walezi wanne. Mpishi hayumo kabisa katika hesabu hiyo, maana aliye jikoni haangalii watoto, hata kama dirisha la jiko linatazama uwanjani. Asubuhi na jioni watoto wakiwa wachache walezi wawili wanatosha, na saa zinazookolewa hapo ndizo akiba ya siku mmoja akiugua. Chini ya wawili usishuke hata akiwa amebaki mtoto mmoja, kwa sababu mlezi akiteleza akaumia, nani atapiga simu?

Mishahara tuweke sh. 300,000 kwa kila mmoja wa watu watano, lakini kwanza ulinganishe na amri ya kima cha chini inayotumika sasa. Ongeza asilimia 10 ya mwajiri kwa NSSF na nusu asilimia ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, jumla ni sh. 1,657,500 kwa mwezi. Chakula cha watoto 16 kwa siku 22, kwa sh. 1,500 kila mmoja, ni sh. 528,000, vichanga huja na maziwa yao. Maji, umeme, gesi na sabuni weka sh. 250,000, matengenezo na sanduku la huduma ya kwanza sh. 100,000. Kodi ya nyumba weka sh. 400,000 ingawa nyumba ni yako, la sivyo utakuwa unawapa wazazi ruzuku bila kujua. Mshahara wako weka sh. 500,000. Yote ni sh. 3,435,500. Wewe ulitarajia watoto 30 mara 60,000, yaani sh. 1,800,000, ambazo zikishalipa walezi wanne na mpishi hazifiki hata nusu ya bei ya chakula.

Usiigawe jumla hiyo kwa watoto 20, kwa sababu hutakuwa na ada 20 mkononi kila mwezi. Wengine watasafiri kwenda mkoani, wengine watahama, wengine watachelewa. Panga kana kwamba utapokea asilimia 85. Wala ada isiwe moja kwa wote. Nafasi moja ya mlezi, kwa saa zote 60, inakugharimu sh. 442,000 kwa mwezi. Kichanga anabeba robo yake, sh. 110,500, na mtoto wa miaka minne anabeba sehemu ya kumi, sh. 44,200. Ada ikiwa moja, mama wa mtoto mkubwa anamlipia mwenye kichanga, naye akigundua atahama. Ukiweka sh. 290,000 kwa kichanga, 210,000 kwa wa kati na 165,000 kwa mkubwa, asilimia 85 ya ada hizo ni sh. 3,459,500, na kituo kinasimama kwa tabu kidogo. Kama majirani hawaziwezi ada hizo, usipunguze walezi. Anza bila vichanga: watoto 16 wanahitaji nafasi mbili, yaani saa 120, na walezi watatu wanakutosha.

Juu ya usalama nitakueleza saa moja tu ya siku, maana karibu kila balaa niliyoishuhudia au kuisikia kwa wenzangu ilitokea hapo: kati ya saa sita na saa saba mchana. Mlezi mmoja anabadilisha pampasi na mgongo wake uko kwa wenzake. Wa pili anagawa wali na maharage ya moto. Wa tatu ameanza kutandika mikeka, na ndoo ya kusuuzia vyombo imeachwa koridoni ikiwa na maji kidogo tu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiinama kutazama ndani ya ndoo, kichwa chake ni kizito kuliko mikono yake, akitumbukia hawezi kujitoa, tena hapigi kelele. Kwa hiyo ndoo zote zimwagwe na kufudikizwa kabla chakula hakijatoka jikoni, chakula kipoe huko huko jikoni, na mlezi mmoja asiwe na kazi yoyote mkononi isipokuwa kuwatazama watoto. Karanga, zabibu nzima na pipi ngumu zisiingie kituoni hata kwa sherehe. Vichanga walazwe chali, kila mmoja kwenye kitandiko chake kisicho na mto wala kanga nzito, na mlezi apite kila dakika kumi atazame kifua kama kinapanda na kushuka. Aandike saa aliyopita. Ukiona daftari limejazwa dakika kumi kumi bila kosa kwa mwandiko na kalamu ile ile, ujue limejazwa jioni kwa pamoja.

Wahesabu watoto wakiingia, kabla na baada ya kutoka uwanjani, wakiamka, na kila anapokabidhiwa mmoja. Kila mzazi aandike majina matatu ya wanaoruhusiwa kumchukua mwanawe, pamoja na picha na namba za simu. Asiyekuwemo haondoki na mtoto mpaka mzazi mwenyewe apigiwe kwa namba iliyo kwenye fomu, si kwa namba anayokupa huyo aliyekuja.

Hapo ndipo suala la wanaochelewa kulipa linapoingia, nalo liko karibu na usalama kuliko unavyodhani. Pale kituoni kwangu baba mmoja alikuwa na deni la miezi miwili. Akaacha kuja mwenyewe. Kwanza akamtuma mpwa wake, halafu jirani, siku moja akamtuma kijana wa bodaboda ambaye hata jina la mtoto hakulijua sawasawa. Alikuwa anakwepa kudaiwa getini mbele ya watu, na katika kulikwepa deni akamweka mwanawe mikononi mwa mgeni. Mtoto hatukumtoa, na tangu siku hiyo nikapiga marufuku mlezi yeyote kutaja fedha getini. Deni huzungumzwa ofisini au kwa simu, nawe ndiye wa kulizungumza. Mtoto asinyimwe chakula, asitengwe, wala asizuiliwe kuondoka kwa sababu ya deni, kwa vyovyote vile.

Kinachozuia deni ni utaratibu wa kuandikisha. Ada ilipwe mwanzo wa mwezi kwa huduma inayokuja, kwa namba ya malipo ya kituo na si mkononi mwa dada, na siku ya kuandikisha mzazi aweke amana ya nusu mwezi inayorudishwa mtoto akiondoka bila deni. Mwenye mshahara mpe hadi tarehe 5. Mama anayeuza mboga sokoni usimwambie alipe mwezi mzima kwa mkupuo, maana fedha yake huja kwa siku. Mpe kulipa kila Jumatatu, naye utamkuta halipi pungufu kuliko hao wa ofisini. Tarehe 6 tuma ujumbe mfupi wenye kiasi na namba ya malipo tu. Tarehe 8 mpigie simu na mwandikiane siku atakayolipa. Ikifika tarehe 15 hajalipa wala hajasema neno, amana imekwisha kuliwa: mwambie kwa maandishi kwamba kuanzia Jumatatu nafasi imesimama mpaka alipe. Ukimvumilia hadi miezi mitatu hatalipa tena, atahamisha mtoto. Aliyefiwa au kuachishwa kazi ni suala jingine, mpangie awamu, lakini ziandikwe.

Anayechelewa kumchukua mtoto naye alipe, sh. 3,000 kwa kila robo saa baada ya saa 12:30, na fedha hiyo iende kwa walezi wawili waliobaki.

Usiwe laini katika hili kwa kuogopa kuitwa mkali. Wazazi wanne tu wasipolipa, umepungukiwa takriban sh. 800,000, zaidi ya gharama ya walezi wawili. Mlezi asiyelipwa tarehe 30 haandiki barua ya malalamiko. Tarehe 3 anazima simu, na asubuhi hiyo mwenzake anabaki na vichanga na wanaotambaa peke yake. Kwa hiyo kabla ya kufungua mlango weka benki sh. 1,657,500, mishahara ya mwezi mmoja, isiyoguswa kwa rangi wala bembea.

Nipimie vyumba kwa mita, uniandikie pia umri wa watoto ambao wazazi wao wamekwisha kukuuliza. Usipokee amana ya mtu yeyote kabla afisa ustawi wa jamii hajafika hapo nyumbani.

Mama yako